Ukurasa mzima, sentensi moja: kichwa cha wasifu wa wakala wa forodha

(Hotuba iliyotolewa Tororo mbele ya vijana wa forodha, madereva na watu wa usafirishaji. Nimeiandika upya kutokana na nukuu zangu, na maswali ya katikati nimeyaondoa.)

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka mpakani Malaba zamu ya mchana ilipokwisha na bado mna vumbi la yadi kwenye viatu.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchagua watu wa kuajiri katika usafirishaji, kwanza Kampala, na sasa kwa kujitegemea. Leo sitazungumza juu ya wasifu wote. Nitazungumza juu ya mstari mmoja tu, ule unaokaa chini ya jina lako kwenye LinkedIn. Wengi wenu mnao, na wengi hamjawahi kuuandika. Mtandao wenyewe uliwaandikia: ukishajaza kazi uliyo nayo, huchukua cheo chako na jina la mwajiri, ukaviweka pale kama kichwa cha wasifu. Wewe huulizwi kitu, na mstari unakaa hivyo miaka.

Nataka tuufanyie kazi mstari huo kwa mfano wa dada mmoja wa kliaringi, yaani kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani. Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake nisilitaje. Alikuja kwangu na muhtasari wake umejaa ukurasa, herufi 1,940. Hakuvunja sheria, kwa sababu sehemu ya muhtasari inabeba hadi herufi 2,600. Kichwa kinabeba herufi 220, nafasi na vituo vikiwemo. Aliniuliza, “Kaka, haya yote nitayabanaje mle?” Nikamwambia hatutabana. Ukibana unapata maneno yale yale yaliyosongamana, kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Tutachagua.

Kwanza tuelewane mstari huu unaonekana wapi, maana hapo ndipo uzito wake ulipo. Mtu akikutafuta, katika orodha anaona picha, jina, na mstari huo. Ukimwomba mtu muunganishwe, anaona jina na mstari huo. Ukiandika maoni chini ya habari ya mtu mwingine, mwanzo wa mstari huo unakaa chini ya jina lako. Muhtasari wako mrefu hauonekani popote kati ya hapo. Unasomwa na mtu aliyekwisha kuamua kubofya jina lako. Mimi nikitafuta wakala, naletewa majina kwa makumi, na jicho linateremka haraka. Siwezi kufungua yote, nafungua manne au matano. Hayo manne nayachagua kwa mstari mmoja.

Sasa nisikilizeni nisome mwanzo wa muhtasari wa dada yetu kama alivyouandika:

“Mimi ni mtaalamu mwenye bidii, mwaminifu na mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 9 katika sekta ya usafirishaji, ugavi na forodha. Nina uwezo mkubwa wa kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana na wenzangu. Nimeshughulikia zaidi ya makontena 1,000 ya bidhaa mbalimbali. Nimepunguza muda wa kutoa mizigo kwa asilimia 60. Ninaongoza kwa mfano na ninapenda kujifunza mambo mapya.”

Ukaendelea hivyo hadi chini. Kuelekea mwisho, baada ya mafunzo ya kompyuta na kabla ya lugha anazozungumza, kulikuwa na sentensi fupi: “Pia nimeshughulikia dawa na mizigo ya baridi.” Ikumbukeni hiyo, tutairudia.

Tulichukua kalamu ya risasi, tukasoma kila sentensi kwa swali moja: nani mwingine angeweza kusema maneno haya haya bila kusema uongo? “Mwenye bidii, mwaminifu.” Mwuguzi wa Mbale anaweza kusema hivyo, na fundi wa Katwe pia. Tukakata. “Uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo.” Hapa alisita, akaniambia, “Lakini ni kweli, Malaba ni shinikizo tupu.” Ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba msomaji hawezi kuipima kweli hiyo. Anayaona maneno hayo kwa kila mtu, kwa hiyo hayamtofautishi mtu yeyote. Tukakata. Swali hili likitumiwa bila huruma huondoa nusu ya muhtasari wowote niliowahi kuona, na mwenye muhtasari huumia kidogo. Mwacheni aumie. Hakuna alichopoteza, kwa sababu muhtasari mrefu bado upo, na sisi tunatafuta mstari tu.

Zikabaki sentensi zenye mambo. Hizi tukazisoma kwa swali la pili: ukiulizwa ana kwa ana, utathibitishaje? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na hata leo nataka tukae.

Tuchukue asilimia 60. Nikamwuliza imetoka wapi. Akasema alipoanza kazi mzigo ulikuwa unakaa siku nyingi sana njiani na mpakani, na sasa unapita haraka, akapiga hesabu ya makadirio. Haya, wazee wa forodha mliopo hapa mnajua kilichotokea. Kuanzia 2014 tuliingia katika Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki. Tamko la forodha la mzigo unaokuja Uganda linafanywa na kodi inalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Kabla ya hapo, kila nchi ilikuwa inaanza karatasi zake upya. Baadaye pale Malaba kukawa na kituo kimoja cha pamoja, ambapo maofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa upande mmoja na lori linasimama mara moja. Muda ulipungua kwa kila mtu. Ulipungua kwa wakala hodari na kwa wakala mlegevu. Dada yetu hakudanganya, alichukua tu mabadiliko ya mfumo akayaandika kama kazi ya mikono yake. Lakini anayemsoma akiwa mtu wa forodha atalijua hilo papo hapo, na baada ya hapo hataamini hata yale ya kweli. Asilimia ikakatwa.

Kosa hili ni la kawaida mno katika kazi yetu, kwa hiyo nawapa njia ya kulitambua. Jiulize: aliyekuwa dawati la pembeni yangu, anayefanya kazi hiyo hiyo mwaka huo huo, naye alipata matokeo hayo? Kama ndiyo, matokeo si yako. Yako ni ile tofauti kati yenu wawili.

Halafu makontena 1,000. Nikamwuliza, “Dada, umeyahesabu?” Akacheka, akafungua mkoba, akatoa kaunta-buku. Jalada lake limefungwa kwa utepe wa gundi, kurasa zimevimba kwa unyevu. Kila mzigo alioshughulikia tangu ajiunge na ofisi anayofanya kazi sasa una mstari wake kwa bairo: namba ya kontena, mwenye mzigo, tarehe ya tamko, tarehe ya kutoka, na safu ya mwisho ya matatizo. Katika safu hiyo ameandika kwa ufupi, “ankara haikulingana”, “lori limekatika ekseli Webuye”, “sawa”. Tulikaa tukahesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, tukapata makontena 212 katika miaka mitatu. Yale ya miaka ya nyuma hayakuwa na daftari.

Uso wake ulishuka, kutoka 1,000 hadi 212. Nikamwambia 1,000 ni namba ya mdomo, na 212 ni namba ya daftari. Mtu akimuuliza, “Haya 212 ni yapi?”, anaweza kujibu kwa nusu saa mfululizo. Kwa 1,000 angejibu kwa sekunde tano, na sauti ingetetemeka.

Kisha tukaona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Nilimwomba aweke alama kwenye kila kontena la baridi, yale mnayoyaita rifa. Yalikuwa 31, yote ya dawa na vifaa vya maabara. Tukashuka kwenye safu ya matatizo kwa hayo 31 tu. Karibu yote yaliandikwa “sawa”. Kwenye mizigo mingine, saruji, vigae, vipuri, matatizo yalikuwa mengi zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Je, mizigo ya baridi ni rahisi? Akanitazama kama mtu niliyesema mto unapanda mlima.

Akaeleza, na nitaeleza kama yeye, kwa sababu mstari wake wote ulitoka katika maelezo haya. Rifa likiwa njiani linategemea jenereta iliyofungwa kwenye lori, na jenereta inakula dizeli. Ndani kuna dawa ambazo zinatakiwa zikae, tuseme, kati ya nyuzi 2 na 8. Insulini na chanjo ni za namna hiyo. Lori likikwama kwenye foleni kwa sababu ya karatasi, saa hazihesabiki kwa demareji, ile pesa ya kuchelewesha kontena, peke yake. Zinahesabika kwa kiasi cha mafuta kilichobaki kwenye tangi la jenereta. Mafuta yakiisha na joto likapanda, kifaa cha kurekodi joto kilichomo ndani kinaandika kila kitu, na mzigo mzima unaweza kukataliwa ukifika.

Na karatasi za dawa ni nyingi kuliko za vigae. Mbali na tamko la forodha, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, inataka kuidhinisha mzigo. Jina la dawa, nguvu yake, mtengenezaji na kiasi kwenye ankara vinapaswa kulingana na kile kilichoidhinishwa. Ikitokea ankara inataja kiwanda kimoja na kibali kinataja kingine, hata kama ni kampuni ile ile yenye viwanda viwili, umesimama. Basi dada yetu alijiwekea utaratibu. Meli ikiwa bado baharini, anaomba nakala ya ankara kutoka kwa muuzaji, anailaza mezani pembeni ya kibali, na anapitia dawa moja moja kwa rula. Akiona tofauti anairekebisha wakati huo, kontena likiwa bado halijashuka Mombasa. Ndiyo maana safu yake inasema “sawa”. Matatizo yalikuwepo kama kwingine, ila aliyakuta mapema.

Nikamuuliza swali langu la tatu, ambalo huwa nalihifadhi hadi hapa: nani anakupigia simu usiku, na kwa jambo gani? Si bosi anayekupigia kwa sababu wewe ni mfanyakazi wake. Namaanisha mtu mwenye uhuru wa kumpigia yeyote, akakuchagua wewe. Akajibu bila kufikiri kwamba ni mawakala wenzake wa ofisi nyingine, wakipata mzigo wa dawa kwa mara ya kwanza. Wanamuuliza waanzie wapi.

Basi tukawa tumempata. Kwenye muhtasari wake, jambo hilo lilikuwa sentensi ya kuelekea mwisho, ikianza na neno “pia”. Na hili nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sasa nikipewa muhtasari mrefu naanza kusoma kutoka chini. Kile mtu anachokifanya vizuri kuliko wengine hakimgharimu jasho tena, kwa hiyo hakioni kama kitu cha kusema. Anakiweka mwisho, baada ya “pia” au “vilevile”, kama anayeongeza chumvi.

Kuandika sasa. Jaribio lake la kwanza: “Mtaalamu mbobezi wa usafirishaji, ugavi na forodha mwenye uzoefu wa miaka 9.” Tayari tumeshaliona kosa lake, kwa kuwa mbobezi ni sifa na miaka 9 ni muda. Anayeuliza “unafanya nini?” bado hajajibiwa.

La pili: “Ninasaidia kampuni za dawa kupata mizigo yao kwa wakati.” Hili nililipenda kwa sauti yake, kwa sababu lina mtu anayesaidiwa na faida anayoipata. Lakini halina jina la kazi. Anayetafuta mtu kama yeye ataandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la kazi, “wakala wa forodha” au namna yake ya Kiingereza, na maneno hayo hayamo kwenye mstari. Isitoshe, dereva anaweza kusema sentensi hiyo, msambazaji anaweza, hata mwenye ghala. Mstari mzuri masikioni unaweza kumficha mwenyewe.

La tatu: “Wakala wa forodha mwenye uzoefu wa miaka 9 katika kuklia dawa, vifaa vya hospitali na mizigo ya baridi kupitia Malaba, Busia na Mutukula, mwenye cheti cha forodha cha Afrika Mashariki.” Kila neno hapo ni kweli, na mstari unaingia ndani ya herufi 220. Akaniambia, “Si tumemaliza?” Nikamwomba ausome kwa sauti kwa pumzi moja. Hakufika Mutukula. Kuingia ndani ya kikomo ni jambo moja, kusomeka ni jingine. Sentensi hiyo ilikuwa inabeba cheo, muda, aina tatu za mizigo, mipaka mitatu na cheti, na msomaji hakuambiwa ashike kipi.

Hapo tukatazama simu. Kwenye simu, hasa katika maoni na maombi ya kuunganishwa, mstari haukai wote. Unakatwa na kufuatwa na nukta tatu. Unakatwa wapi hutegemea simu na mahali unapoonekana, kwa hiyo msiniulize namba kamili. Mimi hupima kwa maneno tisa ya kwanza: nikifunika yaliyobaki kwa kidole gumba, je, anajulikana? Maneno tisa ya jaribio la tatu yalikuwa “Wakala wa forodha mwenye uzoefu wa miaka 9 katika”. Miaka 9 katika nini? Dawa zimefichwa na kidole.

Tukageuza. Kwanza jina la kazi, papo hapo aina ya mzigo, kisha njia, na mwisho lile jambo linalomtofautisha na wa dawati la pembeni. Tukapata huu:

“Wakala wa forodha wa dawa na mizigo ya baridi, Mombasa hadi Kampala: vibali mkononi kabla kontena halijafika Malaba”

Hesabuni wenyewe, ni herufi 115, kama nusu ya nafasi aliyopewa. Funikeni kwa kidole baada ya neno la tisa. Kinabaki “Wakala wa forodha wa dawa na mizigo ya baridi”. Hata simu ikikata hapo, kazi imeeleweka. Akifungua wote, anakuta utaratibu wake wa rula na ankara, umesemwa kwa maneno sita tu baada ya nukta mbili.

Tulibishana juu ya jambo moja, na nawaambia kwa sababu sina hakika kama nilishinda. Yeye alitaka 31 iingie kwenye mstari. Alisema, “Namba nimeihesabu mwenyewe, mbona niifiche?” Mimi nilisema mfanyabiashara wa dawa akiona 31 hajui kama ni nyingi au chache, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho. Lakini akiona “vibali mkononi kabla kontena halijafika” anakumbuka mara ya mwisho alivyolala macho mzigo wake ukiwa foleni. Tukakubaliana hivi: 31 ikawa sentensi ya kwanza ya muhtasari mrefu, ikieleza ni katika miaka mitatu na ni za mizigo gani. Kwa hiyo anayebofya jina anakutana nayo mara moja. Kwa kazi nyingine ningeweka namba kichwani bila kusita. Dereva aliyeendesha malori ya mafuta miaka 14 bila ajali, na rekodi ipo, namba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Vyote vilivyotoka havikutupwa. Busia na Mutukula vilishuka kwenye maelezo ya kazi. Cheti kikaenda sehemu ya vyeti, mahali mtu anapokitafuta. Miaka 9 inaonekana yenyewe kwenye tarehe za kazi.

Kuhusu lugha: tuliifanya kazi hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha anayozungumza na madereva na mawakala kutwa, na humo ndimo anamojua anachokifanya. Baadaye aliweka mstari kwa Kiingereza, kwani waajiri wake wengi hutafuta kwa Kiingereza, na jina la kazi akaliandika kama linavyotokea kwenye matangazo ya kazi. Kutafsiri kulichukua dakika kumi. Wanaoanza moja kwa moja kwa Kiingereza mara nyingi huokota maneno waliyoyaona kwa wengine, na ndiyo yale yale ya “mbobezi” kwa nguo nyingine.

Nipite haraka kwenye mambo machache yanayoharibu. Vyeo vinavyotumika ndani ya ofisi yako tu, kama “Ofisa Daraja la Pili B”, mtu wa nje havijui wala havitafuti, basi andika jina la kazi linalojulikana sokoni. Mnyororo wa vyeo saba vilivyotenganishwa kwa mistari ya wima, wakala, mshauri, mjasiriamali, mhamasishaji, huniambia kwamba mwenyewe hajachagua, na mimi sitamchagulia. Jina la mteja usiliweke kichwani bila idhini yake. Biashara ya dawa ni ya siri za bei, na wapo waliokosana na wateja wakubwa kwa kujisifu tu kuwa wanawabebea. Na ukibadilisha kazi, au ukiongeza kazi mpya kwenye wasifu, rudi utazame kichwa chako kabla ya kufunga ukurasa. Bonyeza alama ya kalamu karibu na jina lako, utafute kisanduku kilichoandikwa “Headline”, na uhakikishe mstari wako bado upo na bado ni wa kweli.

Vijana mliomaliza chuo bila kazi, najua mnachosubiri kuuliza. Msianze mstari kwa “Natafuta kazi”. Siwaambii mfiche, kwa sababu LinkedIn ina mahali pake pa kusema hilo, “Open to Work”, na unaweza kuamua waone waajiri tu au waone wote. Lakini maneno yale tisa ya mwanzo ni ya thamani, na hakuna anayemtafuta mtu kwa kuandika “natafuta kazi” kwenye kisanduku. Weka fani, halafu kitu kimoja ulichokishika kwa mikono yako. Kijana mmoja aliyefanya mafunzo ya vitendo miezi mitatu kwenye ghala la Nakawa alikuwa ameandika “Mhitimu mwenye ari anayetafuta fursa”. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini pale ghalani. Akasema alikuwa analinganisha hesabu ya bidhaa za kwenye rafu na za kwenye kompyuta kila Ijumaa, na kufuatilia zilikopotelea zile zisizolingana. Mstari wake sasa unasema: “Karani wa ghala na hesabu ya bidhaa: natafuta tofauti kati ya rafu na kompyuta hadi ionekane”. Miezi mitatu haikuwa mifupi mno kumpa sentensi.

Mwisho, kipimo. Usijipime mwenyewe, kwa maana unajijua mno. Mpe simu mtu asiye wa fani yako, aone mstari kwa sekunde chache, kisha uichukue simu na umuulize: “Huyu ungempigia kwa shida gani?” Dada yetu alimpa mama anayemuuzia chai pale karibu na yadi. Kwa jaribio la tatu, mama alisema, “Amesoma sana huyu.” Kwa mstari wa mwisho, alisema, “Huyu ni wa dawa. Dawa zikikwama mpakani.” Usikubali jibu la sifa. Wakijibu “ni mtu mzuri” au “amesoma”, mstari bado haujawa. Wakitaja shida, umefika.

Mmeona kuna karatasi na kalamu za risasi mezani. Nimeomba kila mmoja aje na muhtasari wake uliochapwa, na naona wengi mmekuja nao. Tuanze kutoka chini ya ukurasa, tutafute neno “pia”. Dada uliye mstari wa mbele, mwenye leso ya kijani, tusomee wewe kwanza sentensi yako ya mwisho.